Gia ya Tatu Inapochelewa Kushika

Gari la automatiki linapotoka gia ya pili kuingia ya tatu, mshale wa mizunguko ya injini lazima ushuke, kwa kuwa kwa mwendo uleule wa gari, gia ya tatu huihitaji injini izunguke polepole zaidi. Giaboksi ya Nissan inayoitwa RE4F03 ilifungwa kwenye Sunny, Wingroad na AD nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Uwiano wa gia yake ya pili ni takriban 1.56 na wa ya tatu ni 1.00. Kwa hiyo injini iliyokuwa ikizunguka mara 2,500 kwa dakika katika gia ya pili inapaswa kushuka hadi mara 1,600 hivi gia ya tatu inaposhika. Giaboksi inapoanza kuugua, kinyume chake ndicho kinachoonekana. Mshale unapaa hadi 3,300 au 3,500, injini inalia kana kwamba leva imewekwa N, gari halivuti, kisha baada ya kitambo kidogo gia inaingia kwa kishindo.

Gerejini hali hiyo huitwa gia kuteleza, na mara nyingi mwenye gari hupewa jibu moja kati ya matatu kabla hata gari halijaguswa: badilisha oili, badilisha solenoidi, au shusha giaboksi klachi zimekwisha. Majibu yote matatu yanaweza kuwa sahihi. Tatizo ni kwamba oili, solenoidi na klachi ni viungo vya mnyororo mmoja, na klachi iliyoungua mara nyingi ndiyo aliyeumia, siyo mkosaji. Anayefunga klachi mpya bila kutafuta kilichoiunguza ya zamani atarudi kuifungua tena.

Ili kujua kwa nini tatizo hujitokeza hasa kati ya ya pili na ya tatu, sharti kwanza ijulikane kinachotokea ndani wakati huo. Giaboksi ya automatiki haisogezi gia upande huu na huu kama ya kukanyaga klachi. Gia zake zimeshikana wakati wote, na kinachobadilika ni sehemu ipi imefungwa isizunguke na ipi imeunganishwa na injini. Kazi hiyo hufanywa na klachi na bendi zinazosukumwa na presha ya oili. Katika RE4F03, gia ya pili hushikwa na klachi ya mbele pamoja na bendi, ambayo ni mkanda wa chuma wenye bitana unaobana ngoma isizunguke. Gia ya tatu hushikwa na klachi ileile ya mbele pamoja na klachi nyingine, ile ya gia za juu. Kwa maneno mengine, klachi ya mbele haibanduki. Kinachofanyika ni bendi kuachia na klachi ya juu kushika, na viwili hivyo vinatakiwa kupokezana bila pengo.

Nissan ililipanga pokezano hili kwa njia ya werevu. Oili inayokwenda kusukuma klachi ya juu ndiyo hiyohiyo inayoingia upande wa pili wa pistoni ya bendi na kuirudisha nyuma. Mkondo ni mmoja na kazi ni mbili. Kwenye mkondo huo kuna akyumuleta, yaani pistoni ndogo yenye springi iliyo ndani ya silinda yake kama bomba la sindano, ambayo hupunguza ukali wa presha ili gia isiingie kwa kugonga. Kila kitu kikiwa kizima, presha hupanda taratibu, klachi huanza kubana huku bendi ikilegea, na abiria hahisi chochote.

Hapo ndipo udhaifu ulipo. Oili ikivuja mahali fulani kwenye mkondo huo, presha hupanda kwa kusuasua. Inaweza kutosha kuirudisha pistoni ya bendi na bado isitoshe kuzibana pleti za klachi. Kwa muda huo mfupi gari halina gia yoyote: ya pili imeachiwa, ya tatu haijashika, na dereva bado amekanyaga mafuta. Injini haina mzigo, basi inapaa.

Inafaa kusema hapa kwamba si kila automatiki huonyesha ugonjwa huu kwa namna hiyo. Giaboksi ya Toyota A340, iliyotumika kwenye Hilux Surf za miaka ya 1990, ina klachi ya kuzunguka upande mmoja inayoishikilia gia ya pili mpaka ya tatu ishike kweli. Klachi ya gia ya tatu ikiwa dhaifu kwenye gari hilo, injini haipai. Gari hubaki tu kwenye gia ya pili muda mrefu kuliko kawaida. Na magari ya CVT hayana gia ya pili wala ya tatu, kwa hiyo kuteleza kwake ni habari nyingine kabisa, ingawa mengi yamebeba majina yaleyale ya Wingroad na AD.

Uchunguzi huanza na oili, kwa sababu ndiyo inayofanya kazi ya kubana na kuikagua hakugharimu kitu. RE4F03 ina kijiti cha kupimia, jambo ambalo magari mengi ya sasa yamelikosa. Gari huendeshwa dakika kama 10 ili oili ifikie nyuzi 50 hadi 80 za Selsiasi, huegeshwa mahali tambarare, injini ikiwa inaunguruma leva hupitishwa taratibu kwenye kila nafasi na kurudishwa P, kisha oili hupimwa upande wa kijiti ulioandikwa HOT. Kupima injini ikiwa imezimwa, kama inavyofanyika kwa oili ya injini, hutoa jibu la uongo. Oili ikipungua, pampu huvuta hewa pamoja nayo, na hewa hubonyea pale oili isingebonyea. Dalili yake ni kwamba kuteleza huzidi gari likipanda mlima au likikata kona, maana oili iliyobaki hukimbilia upande mmoja na kuuacha mdomo wa chujio hewani. Oili ikizidi nayo huchapwa na gia ikafanya povu, na povu halina presha.

Baada ya kiasi huja rangi na harufu. Tone moja likidondoshwa kwenye karatasi nyeupe lisomwe kwa mwanga wa jua. Oili nzima ni nyekundu na inapenyeza. Ya kahawia imechoka. Nyeusi yenye harufu ya kuungua na unga laini unaosikika kati ya vidole inasema bitana za klachi zimeanza kuchakaa. Rangi ya waridi iliyochanganyika na weupe, kama maziwa, ni maji. Yanaweza kuwa yameingia gari lilipopita kwenye mafuriko, au yamepenya kutoka kwenye rejeta ambako oili ya giaboksi hupozwa. Oili ya maziwa ni habari mbaya kuliko nyeusi, kwa sababu bitana za klachi zimetengenezwa kwa karatasi maalumu iliyogandishwa kwa gundi, na maji huibandua.

Oili ikiwa imepungua au imechoka tu, kuijaza au kuibadilisha kunaweza kumaliza tatizo. Giaboksi hii hubeba kama lita 7, lakini bolti ya chini ikifunguliwa hutoka sehemu tu, nyingine hubaki ndani ya torki konveta. Ndiyo maana mafundi waangalifu humwaga, hujaza, huendesha na kumwaga tena. Aina ya oili nayo si ya kubahatisha. Kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari ni Matic D au inayolingana nayo ya daraja la Dexron III. Oili ya CVT haifai hapa hata kama chupa ina jina la Nissan. Kuna imani iliyoenea kwamba kubadilisha oili ya giaboksi kongwe huiua. Mara nyingi oili mpya husingiziwa tu. Mwenye gari huamua kubadilisha pale gia zinapoanza kuteleza, na klachi ambayo ilikuwa imeshakwisha humalizikia mikononi mwa oili mpya.

Baada ya oili lawama huangukia solenoidi, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Solenoidi ni koili ya umeme inayofungua na kufunga tundu dogo la oili kwa amri ya kompyuta. RE4F03 ina solenoidi mbili za kubadilisha gia, A na B. Kwenye gia ya pili A imezimwa na B imewashwa. Kwenye ya tatu zote mbili zimezimwa. Kwa hiyo amri ya kutoka ya pili kwenda ya tatu ni kuzima B, basi. Waya wa B ukikatika, gia ya pili haipatikani kabisa, na kompyuta ikigundua hitilafu ya namna hiyo huliacha gari kwenye gia ya tatu likiondokea hapo kwa uzito. Hiyo si dalili ya injini kupaa kwa sekunde moja kisha gia kushika. Solenoidi ya kuwasha na kuzima, kwa kawaida, ama imebadilisha gia au haijabadilisha.

Inayostahili kutiliwa shaka ni solenoidi ya tatu, ile ya kurekebisha presha ya jumla. Kompyuta husoma dereva amekanyaga mafuta kiasi gani, kisha huiamuru solenoidi hiyo ipandishe au ishushe presha. Kihisi cha mafuta kikisema uongo kwamba pedali imeguswa kidogo tu, presha itakuwa ya kuendeshea polepole huku injini ikivuta kwa nguvu, na klachi itateleza bila kosa lake. Jambo la kushangaza ni kwamba solenoidi ya presha ikikatika umeme kabisa, presha haishuki bali hupanda hadi kikomo, na gia zote huingia kwa kugonga. Kwa hiyo gari linaloteleza halina solenoidi iliyokufa. Lina solenoidi iliyokwama kwa uchafu ikiwa wazi, au valvu iliyolika ndani ya valvu bodi kiasi cha kuvujisha.

Multimita haiwezi kuyaona hayo. Kwenye giaboksi hii solenoidi A na B husoma omu nyingi kuliko ya presha, ambayo husoma omu 2.5 hadi 5, gari likiwa limepoa. Kipimo hicho huonyesha koili nzima au iliyokatika. Pini iliyokwama kwa unga wa chuma husoma omu 3 safi bila wasiwasi. Mashine ya kusoma hitilafu nayo inahitaji akili ya msomaji. Namba P0745 huelekeza kwenye umeme wa solenoidi ya presha, na P0755 kwenye ule wa solenoidi B. Lakini namba inayokuja mara nyingi gia ya tatu inapoteleza ni P0733, ambayo maana yake ni kwamba kompyuta imepima mizunguko ikaona uwiano wa gia ya tatu haupatikani. Haisemi ni kwa nini. Fundi anayeagiza solenoidi kwa sababu ya P0733 peke yake amekisia.

Kinachomaliza ubishi ni geji ya presha. Kwenye boma la giaboksi kuna tundu lililozibwa kwa plagi, ambapo geji hufungwa. Oili ikiwa ya moto, leva kwenye D na injini ikiwa sailensa, presha ya RE4F03 huwa karibu kilopaskali 500, yaani kama paundi 70 kwa inchi ya mraba. Kisha breki hukanyagwa kwa nguvu zote, magurudumu yakiwa yamezuiwa, na mafuta hukanyagwa hadi mwisho kwa muda usiozidi sekunde 5. Presha inapaswa kupanda hadi zaidi ya kilopaskali 1,100. Ikianzia chini, pampu, chujio au valvu ya presha hutiliwa shaka. Ikianza vizuri ikakataa kupanda, macho yaelekezwe kwenye solenoidi ya presha na kihisi cha mafuta. Ikipanda sawasawa pande zote mbili, presha ya jumla haina kosa, na uvujaji uko mbele zaidi, kwenye mkondo wa gia ya tatu.

Jaribio hilo la kukanyaga breki na mafuta hutumiwa pia kupima klachi kwa kuangalia mizunguko. Ni kipimo kizuri, ila kwa gia ya tatu hakisemi lolote, kwa sababu gari lililosimama kwenye D liko gia ya kwanza na klachi ya juu haijaguswa. Cheti cha uzima kilichotolewa kwa njia hiyo hakiihusu klachi inayolalamikiwa.

Klachi ya juu hupimwa barabarani, kwa kulinganisha gia. Hushika kwenye ya tatu na ya nne, na bendi hushika kwenye ya pili na ya nne. Gari likiteleza kwenye ya pili na ya nne huku ya tatu ikivuta vizuri, mkosaji ni bendi. Likiteleza kwenye ya tatu na ya nne, tena si wakati wa kubadilisha tu bali hata mafuta yakiongezwa mlimani gia ikiwa imeshaingia, pleti za klachi ya juu zimekwisha. Likipaa wakati wa kuingia ya tatu pekee, kisha likavuta bila kuteleza tena hata mlimani, pleti bado zina uhai na ugonjwa ni wa uvujaji au wa presha. Tofauti hii ya mwisho ndiyo inayoamua kama mtu atalipia kazi ya siku moja au kushushwa kwa giaboksi nzima.

Chukulia Wingroad ya injini ya lita 1.5 yenye dalili hizo. Asubuhi gari likiwa la baridi hubadilisha gia vizuri. Baada ya nusu saa ya foleni, kila likiingia ya tatu mshale huruka kutoka 2,500 hadi 3,400, kisha gia hushika kwa mtikisiko. Dereva akikanyaga mafuta kidogo, kuruka kunapungua. Ya nne inaingia sawa, na mlimani ya tatu haiteremki. Tofauti ya baridi na moto tayari ni ushahidi: oili ikipata joto huwa nyepesi, na sili iliyokakamaa ambayo ilizuia oili nzito sasa huipitisha nyepesi. Kijiti kinaonyesha kiasi sahihi, rangi ni kahawia, harufu ya kuungua ipo kwa mbali. Geji inasoma kilopaskali 500 na kupanda hadi zaidi ya 1,100. Pampu na solenoidi ya presha zimesafishwa jina.

Hatua inayofuata haihitaji giaboksi kushushwa. Oili humwagwa, sampo hufunguliwa, na sumaku iliyo ndani yake hutazamwa. Tope laini la kijivu ni kawaida ya umri. Chembe za chuma zinazong'aa au vipande vyeusi vya bitana vingebadilisha mpango wote. Valvu bodi hushushwa kwa uangalifu ili vipira vidogo vya chuma na springi visipotee, na tundu la oili liendalo kwenye klachi ya juu hubaki wazi juu ya boma. Fundi hupuliza hewa ya kompresa hapo, kwa presha ya kama kilopaskali 400, akiwa amezungushia kitambaa. Klachi nzima hujibu kwa mgoto mmoja mzito wa pistoni inayobana pleti, kisha kimya. Mluzi usiokoma ni sili ya pistoni au pete za shafti zinazovuja, na hapo hakuna njia ya mkato.

Kwenye Wingroad hii mgoto umesikika na mluzi haupo. Akyumuleta inachomolewa, na pete yake ya raba imekuwa ngumu kama plastiki, ikiwa na mkato upande mmoja. Uvujaji ulikuwa hapo: kila amri ya gia ya tatu ilipokuja, sehemu ya oili iliyotakiwa kubana klachi ilipitia kwenye mkato huo. Pete mpya zinafungwa, tundu la pistoni linakaguliwa kwa ukucha kama lina mikwaruzo, valvu bodi inasafishwa, chujio kinasafishwa au kubadilishwa, na oili mpya inamiminwa. Gari likipata joto tena, mshale unashuka kutoka 2,500 hadi 1,600 bila kusita.

Kama mwenye gari angeendelea kulisukuma kwa miezi mingine, hadithi ingekuwa tofauti. Kila mteleko ni pleti zinazosuguana zikiwa nusu zimebanwa, na joto la msuguano huo hugandisha uso wa bitana ukawa laini unaong'aa kama umepakwa vanishi. Bitana ya namna hiyo hushika vibaya hata presha ikirudi kamili. Pleti mpya ya klachi kwenye giaboksi za aina hii ina unene wa kama milimita 1.6, na kikomo cha kuitumia ni 1.4. Maana yake ni sehemu moja ya kumi ya milimita kila upande, kwa hiyo pleti iliyokwisha inaweza kudanganya macho na inatakiwa mikromita. Zile za chuma zinazokaa katikati huonyesha madoa ya bluu mahali zilipopata moto, na mara nyingine huwa zimepinda.

Kwa pleti zilizofika hapo giaboksi hushushwa, na kazi hiyo ina mitego yake. Pleti mpya hulowekwa kwenye oili kabla ya kufungwa, vinginevyo huungua dakika za kwanza. Nafasi kati ya pleti ya mwisho na kizuizi chake hupimwa kwa filagaji na kusawazishwa kwa pleti ya kizuizi ya unene unaofaa, kwani nafasi kubwa huichelewesha klachi na kuzaa upya ugonjwa uleule. Sili zote za mkondo wa gia ya tatu hubadilishwa kwa pamoja: ya pistoni ya klachi, za pistoni ya bendi, za akyumuleta na pete za shafti. Torki konveta na mabomba ya kupozea husafishwa au kubadilishwa, maana unga wa klachi ya zamani hubaki humo ukisubiri kuingia kwenye solenoidi.

Wakati gari likisubiri kupelekwa gereji, dereva anaweza kupunguza madhara kwa kuachia mafuta kidogo pale gia ya tatu inapokaribia, ili injini isivute kwa nguvu wakati bendi na klachi zinapokezana. Milima mirefu na kuvuta trela viepukwe. Gia ya tatu ikifikia kuteleza hata ikiwa imeshaingia, kila kilomita inaunguza klachi, na gari libebwe magurudumu ya mbele yakiwa juu, kwa sababu pampu ya giaboksi huzungushwa na injini, na injini ikizimwa hakuna oili inayozunguka ndani.